Shajara ya jina: kituo chetu cha watoto Kinawataka

Juma la kwanza, Jumatatu

Leo tumelipia nyumba. Vyumba vinne, uwa wenye ukuta, mfenesi mmoja mkubwa nyuma na geti la bati linalohitaji bawaba mpya. Iko Kinawataka, chini ya kilima cha Mbuya, na kutoka getini mtu anatembea mpaka soko la Nakawa bila kupanda boda. Tutapokea watoto kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, kwa sababu kina mama wa sokoni hawawezi kungoja saa mbili, na tutawarudisha saa 12 jioni. Wa mwaka mmoja hadi mitatu watakuwa wa kulelewa kutwa. Wa mitatu na kuendelea wataingia nasari, yenye madarasa matatu: Bebi, Mido, na Mungu akijalia Topu.

Tunajua karibu kila kitu isipokuwa jina. Mwenzangu, ambaye ni Muganda wa Mukono na amefundisha nasari miaka kumi na mmoja, anataka tumalize leo leo. Mimi nimeomba majuma sita. Nimezaliwa kambini, baba alikuwa askari, Kiswahili ndicho nilichosikia kwanza masikioni. Najua neno moja linavyobadilika likivuka barabara kutoka kambini kwenda sokoni, na wazazi wetu watatoka pande zote mbili.

Nimeanza kuandika hapa ili tusije tukasahau kwa nini tulikataa jina fulani halafu tukalirudia baada ya mwezi.

Juma la kwanza, Alhamisi

Nimetembea kutoka kwetu hadi Banda nikisoma mabango ya nasari. Mengi yana maneno yale yale ya Kizungu: malaika, nyota, mwanga, tumaini, mustakabali. Nilipofika nyumbani nikajaribu kuyakumbuka moja moja, nikashindwa. Nilikumbuka geti la bluu na tembo aliyechorwa vizuri ukutani, ila si jina. Hilo lilinishtua, maana mimi nilikwenda kwa kazi hiyo tu. Mama aliyepita na mtoto mgongoni na mzigo kichwani atakumbuka nini?

Mengine yana jina la mtakatifu. Hayo yanakumbukwa, lakini mzazi anadhani nyuma yake kuna kanisa linalosimamia. Sisi hatuna kanisa nyuma yetu, na robo ya majirani zetu ni Waislamu. Hatutaazima kivuli ambacho si chetu.

Neno Watoto peke yake nalo nimeliweka kando. Kampala nzima ukisema Watoto, mtu anafikiria kanisa kubwa la jina hilo na kwaya yake. Lina wenyewe.

Juma la pili, Jumanne

Jina la kwanza nililolipenda kwa moyo: Nyumba ya Watoto. Lina joto, linaeleweka, na ni kweli tumepanga nyumba, hatukujenga shule. Nililitamka mbele ya jirani yangu, mama wa makamo anayeuza mihogo ya kukaanga. Akaweka kijiko chini.

“Pole, mwanangu. Mmeanza na mayatima wangapi?”

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Hapa Uganda, ukiunganisha nyumba au makao na watoto, kwa lugha yoyote ile, watu wanasikia kituo cha watoto waliokosa wazazi. Tumekuwa na vituo hivyo kwa miaka mingi, vya baada ya vita na baada ya ukimwi, na serikali ina kanuni zake maalumu kwa ajili yao. Mzazi anayemwacha mtoto kwetu saa 12 na nusu asubuhi tayari ana donge kifuani. Hawezi kumpeleka mahali ambapo jina lenyewe linasema mtoto hana kwao.

Nililipenda jina hilo sana, lakini nimelifuta. Nimejifunza jambo moja la kazi hapa: nisimwulize mtu kama jina ni zuri. Kila mtu atasema ni zuri, kwa heshima. Nilitamke tu kisha nisikie anachouliza yeye. Swali lake la kwanza ndilo linaloonyesha alichosikia.

Juma la pili, Ijumaa

Leo mapendekezo mawili yameanguka kwa siku moja, na yote mawili kwa sababu ya lugha kugongana.

Shangazi yangu wa Mombasa alipendekeza kwa simu: Kwa Bibi. Kwake yeye ni mama wa mama, mkeka, uji na hadithi. Hakuna mahali penye usalama kuliko kwa bibi. Lakini kwa Kiswahili chetu cha hapa, na cha ndugu zetu Wakongo waliojaa Katwe na Nsambya, bibi ni mke. Baba akimwambia bosi wake kwamba amempeleka mtoto kwa bibi, bosi atasikia habari ya ndani ya nyumba ya watu. Halafu mwenzangu akaongeza la kwake: kwa Kiganda vitu vibaya ni ebintu bibi. Kwa hiyo jina moja lingekuwa nyanya kwa shangazi, mke kwa jirani, na ubaya kwa nusu ya Kampala.

Kisha yeye akatoa lake, kwa furaha, alikuwa amelilalia siku tatu: Ekisu. Kwa Kiganda ni kiota cha ndege. Vifaranga wamelala, mama anakwenda kutafuta chakula anarudi. Alieleza vizuri mpaka macho yakamng’aa.

Nikachukua chaki nikaandika ubaoni: KISU. Maana watu hawatabeba ile e ya mwanzo. Kwenye boda, kwenye simu, kwa afande wa kambini na kwa mke wake, itabaki kisu. Nani atamwambia mwenzake, “Mtoto nimemwacha Kisu”?

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi kwenu kiota mnakiitaje?”

“Kiota.”

“Kyoto?”

“Kiota.”

Akarudia polepole, na nikaona amesikia kitu ambacho mimi sikukikusudia. Kwa Kiganda ekyoto ni pale moto unapowashwa, mahali ambapo wazee walikaa jioni na watoto wakawazunguka, wakipewa hadithi na vitendawili. Na kuota moto, sisi tunavyosema, wao wanasema okwota omuliro. Ni kitenzi kile kile, kimetoka kwa babu mmoja wa zamani.

Tuliacha kazi nyingine zote tukalizungumza neno hili mpaka giza likaingia. Kwangu mimi kiota ni mahali pa kulindwa. Kwake ni mahali pa joto na mafunzo. Na kwa Kiswahili, mbegu nayo huota, na mtu akilala huota. Hatukupanga hivyo, neno limekuja nalo.

Juma la tatu, Jumatano

Nimejizuia nisilipende haraka. Nyumba ya Watoto pia niliipenda.

Kwanza matamshi. Kiganda hakina h ya asili, na r na l zinabadilishana kulingana na irabu iliyotangulia. Furaha inakuwa Fulaha, Rehema inakuwa Lehema. Si kosa la mtu, ndivyo ulimi ulivyolelewa. Lakini mlezi akipokea simu akasema jina moja na bango likasema jingine, mzazi mgeni anaanza kujiuliza kama yuko mahali sahihi. Kiota halina h, halina r wala l. Ni silabi tatu, zote zinaishia kwa irabu. Mtoto wa miaka miwili wa dada yangu alilitamka mara ya pili, na hilo lina uzito wake: mtoto anayeweza kutaja mahali anapokaa mchana anaweza kusimulia kilichotokea huko.

Kisha nikapanga jaribio la simu. Niliwapigia watu sita wakati wako kwenye kelele, wawili wao waendesha boda wa stendi ya Nakawa, nikawaambia, “Nipeleke kifurushi Kiota, Kinawataka, karibu na mfenesi.” Sikueleza lolote. Watano walirudia sawasawa. Mmoja alisema Toyota. Kelele za gereji, nadhani, lakini nimeandika, kwa sababu naye atakuwa na wenzake.

Siku ya pili niliwapigia tena niulize walilikumbuka vipi. Wanne walisema Kiota, mmoja alisema “pale pa kuota moto”, na wa Toyota alisema Toyota tena, kwa uhakika zaidi.

Juma la tatu, Jumamosi

Siku ngumu, na yenye faida kuliko zote.

Nilijua tangu mwanzo kwamba kuna jambo moja sijalikabili. Kwa wengi wetu wa kambini Kiswahili ni lugha ya mama. Kwa Waganda wengi wa umri mkubwa ni lugha iliyogonga mlango usiku. Miaka ya 1970, wakati wa Amin, mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani aliuliza kwa Kiswahili, na wezi wenye bunduki nao wakaamuru kwa Kiswahili. Katiba yetu inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya 2005, na 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe mashuleni, lakini masikio ya mzee hayabadiliki kwa uamuzi wa baraza.

Na wanaowaleta watoto asubuhi si wazazi peke yao. Nusu ya wakati ni jaja, yaani nyanya au babu wa mtoto.

Kwa hiyo nilikwenda kwa jaja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilipiga magoti nikamsalimu kwa Kiganda changu kibovu, akanipa mkeka na chai ya majani. Nikamwambia ukweli kwamba tunataka kufungua mahali pa watoto na tunafikiria jina la Kiswahili, na ninaogopa.

Alikaa kimya muda. Akasema, kwa Kiganda, na nimeyaandika nilivyoyaelewa: “Nyabo, Kiswahili nilikisikia kikiamrisha tu. Sijawahi kukisikia kikibembeleza.”

Nikamtajia jina. Akasema, “Ekyoto?” Nikasema linakaribiana. Kwetu ni kiota cha ndege, kwenu nasikia ni pa moto. Akaangalia mafiga yake matatu pale kwenye kona, kama vile niliyataja yenyewe. Akaanza kunihadithia jinsi baba yake alivyokuwa akiwapa vitendawili kabla ya chakula, na aliyeshindwa alimpa mji mwenzake. Nikamwambia hata sisi tunasema “nipe mji”. Hakuniamini. Tukabadilishana vitendawili vitatu, akashinda viwili.

Nilipoaga akasema jambo ambalo limebadilisha mpango wetu wa kila asubuhi. Jina likiwa na joto, alisema, sauti ya getini nayo iwe na joto. Anayemfungulia mtoto asiseme “ingia”, aseme jina la mtoto. Tumekubaliana na mwenzangu: daftari la kuingia litakaa ndani, na mlezi wa getini atakuwa amekwisha kujua majina ya watoto kabla ya mwisho wa juma la kwanza.

Juma la nne, Jumatatu

Leo tumejaribu picha. Nilikaa na kina mama kumi na wawili wa soko la Nakawa, mmoja mmoja, katikati ya wateja, nikawauliza swali lile lile: ukisikia kuna mahali panaitwa Kiota, unaona nini machoni?

Wanane waliona watoto wadogo wamelala au wamelishwa. Hilo tulilitaka. Wawili hawakuona kitu, ikabidi nieleze neno, maana wao ni wa Gulu na Kiswahili chao ni cha bei na salamu tu. Mmoja wao baadaye alisema ndani yake anasikia ot, ambayo kwa Kiacholi ni nyumba, kwa hiyo ameridhika.

Wawili waliobaki walinipa shida za kweli.

Wa kwanza, anayeuza nyanya, alisema: “Viota? Vile vya kaloli?” Na akakunja pua. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mkazi wa Kampala akisema kiota, juu ya kichwa chake kuna wale korongo wakubwa wenye upara wanaotaga juu ya miti ya barabarani, na chini yake barabara imekuwa nyeupe kwa kinyesi. Uchafu ndio jambo la kwanza mama anakagua kwenye kituo cha watoto: choo, ndoo, taulo. Siwezi kumpa kaloli mlangoni.

Dawa yake ni picha. Bangoni lazima kiwepo kiota kidogo cha mnana, kile kilichofumwa kama kikapu na kuning’inia, chenye mlango kwa chini. Watu wote wanakijua, watoto wanaviokota vikianguka. Ni kisafi, kimefumwa kwa kazi, na ule mlango wa chini humpa nyoka taabu kuingia. Nilifikiria hata kuongeza neno: Kiota cha Mnana. Mwenzangu akasikia munaana, ambayo kwao ni nane, akauliza kama tutachukua watoto wanane tu. Limebaki kuwa picha.

Wa pili ana mtoto wa miaka mitano. Alisema, “Hapo ni pa wachanga. Wangu anataka kusoma.”

Hili ndilo pengo la jina letu. Nilirudi nikaangalia majibu ya wale wanane, na kweli, hakuna aliyemtaja mtoto anayejua kushika penseli. Jina linatupa joto na ulinzi, lakini linashusha umri. Mzazi wa Topu anafikiria usaili wa darasa la kwanza, anataka kusikia kitabu.

Juma la nne, Jumanne

Sikulala vizuri. Mwenzangu anasema tuongeze neno akademi, kila mtu anafanya hivyo, na ada inapanda. Namheshimu, amekaa kwenye nasari kuliko mimi. Lakini ni yeye aliyenifundisha kwamba mtoto wa miaka mitatu hujifunza kwa kumimina maji kutoka kikombe hadi kikombe, kwa kupanga vifuniko vya chupa kwa rangi, kwa kusimuliwa na kusimulia. Mwongozo wa taifa wa kujifunza kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 nao umesimama kwenye mchezo. Akademi ni neno linaloahidi madawati na mitihani. Mzazi akivutwa na neno hilo, baada ya mwezi atauliza daftari limejaa kurasa ngapi, na tutajikuta tunamlazimisha mtoto kuandika ili kulilipa jina.

Nilimwambia hivyo. Akafikiria, akasema, “Basi tuwe na neno la kujifunza ambalo tunaweza kulilipa.”

Jioni tumefika hapa: Kiota, Malezi na Nasari. Malezi kwa sababu Kiganda kina okulera, kumshika na kumlea mtoto, na yaya wao humwita omulezi, kwa hiyo neno linafika bila tafsiri. (Ulezi tulilikataa mapema. Watu wangekuja na mifuko kununua unga wa uji.) Nasari kwa sababu ndilo neno ambalo kila mtu sokoni analisema anapozungumzia kusoma kabla ya darasa la kwanza. Na tumeamua maneno hayo mawili yaandikwe kwa herufi zinazokaribia ukubwa wa Kiota, si yale maandishi ya chini yanayosomwa kwa kuinama. Aliye mbali asome nasari kabla hajaamua kupita.

Tumeamua pia kwamba mwaka wa kwanza hatutakuwa na Topu. Jina halitaibeba, na walimu wawili hawataiweza. Wale watakaoingia Bebi sasa watafika Topu nasi, na wakati huo jina litakuwa limepata maana kutokana na wao.

Juma la nne, Ijumaa

Swali ambalo limekuja mara tatu juma hili, na sikulitarajia kutoka kwa jina: “Mnafundisha kwa Kiswahili?”

Wanauliza kwa wasiwasi. Mzazi wa mji anataka Kiingereza, ndicho anachokilipia. Kumbe jina kwa lugha fulani linasomwa kama ahadi ya lugha ya darasani. Tumeandika jibu moja ili wote tulitoe sawa: mtoto anapokelewa na kubembelezwa kwa lugha anayoijua, nyimbo na hadithi ni kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, na wa nasari wanaongezewa Kiingereza hatua kwa hatua. Bangoni kutakuwa na mstari wa pili wa Kiingereza unaotaja umri na saa. Mstari huo hauna mapambo, unajibu tu.

Juma la tano, Jumatano

Usajili. Tunasajili kampuni, kwa sababu tuko wawili na hatutaki deni la biashara liingie nyumbani kwa mmoja wetu. Hatua ya kwanza ni kutafuta na kuhifadhi jina kwenye mfumo wa mtandaoni wa URSB, ofisi ya usajili iliyoko Kololo. Neno Kiota likiwa peke yake lilirudishwa kwa kukaribiana na lililokwisha kuandikishwa. Tulipoweka jina letu zima likapita. Jina likihifadhiwa linakaa siku 30, na ndani ya siku hizo karatasi nyingine lazima ziwe tayari, kwa hiyo usihifadhi kabla hujawa na uhakika wa herufi.

Nimejifunza tofauti ambayo wengi wanaichanganya. Kusajili kampuni kunazuia mwingine kusajili kampuni ya jina hilo hilo. Hakumzuii mtu wa Ntinda kuchora Kiota ukutani kwake. Kinga hiyo ni ya alama ya biashara, ambayo kwa sheria yetu ya 2010 inadumu miaka 7 ya kwanza, kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na hapa kuna mtego kwa watu wa kazi yetu: huduma zimegawanywa katika makundi, na kulea watoto mchana kuko kundi la 43, pamoja na chakula na malazi, wakati nasari iko kundi la 41, pamoja na elimu. Ukilipia moja umelinda nusu ya mlango. Pesa yetu haitoshi yote mawili sasa. Tumechagua kungoja hadi muhula wa pili, kisha tulipie yote kwa pamoja.

Leseni ya kituo ni jambo jingine, linakwenda kwa ofisi ya elimu ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Mwenzangu amelibeba hilo. Nimemwomba jambo moja tu: jina liandikwe vilevile kwenye kila fomu, na koma yake.

Juma la sita, Jumamosi

Bango limekuja, na limeandikwa KYOTA.

Mchoraji ni kijana mzuri, mkono wake haukosei. Nilimpa jina kwa simu, na yeye ni Muganda. Kwa maandishi ya Kiganda, i ikikutana na o inakuwa y, kwa hiyo aliandika alivyofundishwa. Sikuweza kumlaumu. Nilipaswa kumpelekea karatasi. Kiota cha mnana alikichora vizuri ajabu, na majani mawili yamechomoza pembeni kama vile ndege ametoka sasa hivi.

Lakini si suala la rangi tu. Kama yeye ameandika hivyo, nusu ya wazazi wataandika hivyo kwenye simu zao, na wakitafuta watatafuta hivyo. Tumefanya mambo mawili. Bango linarekebishwa kwa herufi ndogo, Kiota, maana kwa herufi kubwa I inafanana na l na mtu aliye juu ya boda husoma haraka. Na kwenye ramani ya simu tumeweka tahajia ya pili, Kyota, ili atakayekosea afike.

Mwenzangu ameuliza kama si afadhali tuiache y, ielekee kwa wengi. Tulibishana kwa upole. Mimi nimesimama hapa: ukiandika Kyota, Mswahili haoni tena kiota, na picha ya ndege inakosa neno lake. Ukiandika Kiota, Muganda bado analisikia joto lake akilitamka. Maandishi yanapoteza upande mmoja, matamshi hayapotezi. Amekubali.

Juma la sita, Jumapili

Rangi imekauka. Tumelitundika bango sisi wenyewe, mimi juu ya ngazi na yeye chini akisema kushoto, kushoto kidogo.

Jaja alipita akitoka kanisani na mjukuu wa miaka mitatu. Yeye hasomi. Alitazama picha, akamwuliza mtoto kwa Kiganda ni nini kile. Mtoto akasema ni nyumba ya ndege. Jaja akauliza ndani kuna nani.

“Maama agenda, ajja kudda,” mtoto akajibu. Mama anakwenda, atarudi.

Wamejiandikisha. Ni wa kwanza kwenye daftari, na mlezi wa getini tayari anajua jina lake. Kesho nafuata bawaba za geti.